Mnyoo Alishakufa, Mguu Bado Unavimba

(Hotuba kwa mareko, wahudumu wa afya wa mitaa, na familia za wagonjwa wa matende, ukumbi wa kanisa, mtaa wa Ndosho, Goma)

Mama zangu, baba zangu, na ninyi mareko mliotembea tangu asubuhi, jambo yenu.

Naona macho mengi yako kwenye hili beseni. Liacheni kwanza, tutalifikia. Beseni, kipande cha sabuni ya kuogea isiyo na marashi, bidoni ya maji na kikwembe kilichochakaa, ndivyo vitu vyote nilivyoleta leo. Kama kuna aliyekuja akitumaini sindano, atanisamehe.

Nianze na swali. Si langu, ni la mama mmoja nitakayemwita Mama Sambaza, kwa kuwa ndiyo biashara yake, na kwa kuwa amenikataza kutaja jina lake. Alikulia kando ya mto Lualaba, upande wa Maniema, akaolewa huku juu, na sasa ana zaidi ya miaka 20 anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba alipokuwa na mimba ya tatu. Siku ya kwanza alipokuja kwangu alikaa, akavuta kikwembe hadi gotini, akaniambia: "Muuguzi, huku Goma kuna baridi, mbu si kama wa kwetu. Dawa ya minyoo nilipewa, nikameza. Walinitoa damu usiku, wakasema hamna kitu. Basi mguu wangu unavimbishwa na nani?"

Nilinyamaza kidogo, maana swali kama hilo niliwahi kulijibu vibaya. Nilipoanza kazi, kila mwenye matende nilimwambia: meza dawa, mguu utapungua. Baba mmoja aliondoka akiwa na furaha kubwa. Baada ya mwaka akarudi, mguu umekuwa mzito zaidi, akasimama mlangoni bila kuingia. "Nilimeza," akasema, akaondoka. Mpaka leo namkumbuka kwa sauti ile. Dawa ilifanya kazi yake, ila mimi niliipa kazi isiyo yake.

Sasa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, tuanze na mbu.

Mbu anamuuma mtu mwenye filaria, yaani minyoo inayoleta matende. Pamoja na damu ananyonya vitoto vya minyoo, vidogo mno, jicho halivioni. Ndani ya mbu havizaliani, vinakua tu, kwa siku kama 10 hadi 14. Mbu akienda kuuma mtu mwingine, hamdungi mnyoo kama sisi tunavyodunga dawa kwa sindano. Anamdondosha juu ya ngozi, karibu na tundu aliloacha, na mnyoo mwenyewe anatafuta njia ya kupenya. Wengi hukauka na kufa hapo hapo. Ndiyo sababu kuumwa mara moja hakutoshi. Anayepata ugonjwa huu ni mtu aliyelala na mbu miezi na miaka, mara nyingi tangu utoto. Kwetu vijijini anayebeba minyoo hii ni mbu yule yule wa malaria. Kule pwani ya Tanzania na Kenya ni zaidi yule wa maji machafu ya vyoo na mifereji.

Waliofanikiwa kupenya wanakwenda kukaa kwenye mishipa ya limfu. Jike akikomaa anafika sentimita 8 hadi 10, mwembamba kama uzi wa kushonea, na dume ni mfupi kwa nusu. Wanajikunja pamoja humo, wanaishi miaka 6 hadi 8, na jike katika maisha yake anatoa mamilioni ya vitoto. Hivyo vitoto vina tabia ya ajabu: mchana vinajificha ndani, usiku vinatoka kwenye damu, wakati ule ule mbu anapouma. Kwa hiyo anayetafutwa vitoto hivyo kwa darubini anatolewa damu kati ya saa nne na saa nane za usiku. Ukitolewa saa tatu asubuhi ukaambiwa "huna," hujaambiwa kitu.

Mama Sambaza yeye alitolewa usiku kweli, na kweli hamkuwa na kitu. Minyoo yake ilikuwa imekufa zamani. Miaka 20 hapa juu, bila mbu wa kuipokeza mingine, ingeishije? Hili linawashangaza wengi, lakini sisi tunalizoea: watu wengi wenye miguu mikubwa kabisa hawana mnyoo hata mmoja kwenye damu.

Basi nani anauvimbisha mguu? Nipeni muda kidogo kwenye hii mishipa ya limfu, kwa sababu jibu liko humo.

Damu inateremka kwenye mguu kwa nguvu ya moyo. Ikipita kwenye mishipa midogo, maji yake kidogo yanavuja na kubaki nyamani. Ni kawaida, yanavuja kwetu sote hata sasa tunapokaa. Kazi ya mishipa ya limfu ni kuyakusanya hayo maji na kuyapandisha tena hadi yarudi kwenye damu. Lakini mishipa hiyo haina moyo wa kuisukuma. Inategemea kuta zake zinazojikaza, na misuli ya mguu unapotembea. Na ndani yake kuna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu. Waliokulia mtoni wanajua mgono: samaki anaingia kirahisi, akitaka kurudi mdomo wa mgono unamkatalia. Vilango vya limfu viko hivyo. Maji yanapanda hatua moja, kilango kinafunga nyuma yake, yanapanda hatua nyingine.

Minyoo wakikaa humo miaka, mshipa unatanuka. Ukitanuka, vilango havikutani tena. Mgono umepanuka mdomo, samaki anaingia na kutoka apendavyo. Maji yaliyopandishwa mchana yanarudi chini, na jioni mguu umejaa. Na mnyoo akifa, mgono hauwi mpya tena kwa sababu hiyo. Uharibifu unabaki.

Ila uharibifu huo peke yake unaleta uvimbe laini, ule unaobonyea kwa kidole na kupungua ukilala usiku. Haufanyi mguu wa tembo. Ule ugumu, zile mikunjo, zile nundu kwenye vidole, vinaletwa na kitu kingine, na hapo ndipo wataalamu wenyewe walichelewa kuona. Daktari Gerusa Dreyer, mama wa Recife kule Brazili, ndiye aliyefuatilia wagonjwa wake kwa karibu katika miaka ya 1990 akaonyesha kwamba kinachouzidishia mguu ubaya ni bakteria wa kawaida wa ngozi. Wale wale wanaokaa kwenye ngozi yangu na yako. Kwenye mguu mzima wakiingia kwa mkwaruzo, limfu inawazoa na kuwapeleka kwenye tezi za kinena, wanauawa. Kwenye mguu ambao limfu yake imesimama kama dimbwi, wanakuta chakula, joto na maji. Wanazaliana.

Usiku mmoja mtu analala mzima, anaamka anatetemeka. Homa inapanda, kichwa kinagonga, kinenani kuna uvimbe unaouma, mguu unawaka moto na unang'aa, hauguswi hata na shuka. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu, tafuteni joto na mng'ao. Siku tatu, tano, wakati mwingine wiki nzima haendi sokoni. Wengi wanadhani ni malaria, wanameza dawa ya malaria. Homa inakuja kupungua, ngozi inabambuka kama ya nyoka, na mguu unanywea, lakini haurudi ulipokuwa. Kila shambulio linaacha kovu ndani ya mishipa midogo iliyokuwa bado inafanya kazi. Kila shambulio linapandisha mguu ngazi moja, na ngazi za juu kushuka ni shida.

Nilimuuliza Mama Sambaza: homa hizi unazipata mara ngapi? Hakujibu kwa maneno. Nilipomtembelea nyumbani alinipeleka nyuma ya mlango, mahali alipokuwa anaandika madeni ya wateja kwa kipande cha makaa kwenye mbao. Chini ya madeni kulikuwa na mistari mingine mifupi. Homa. Nilihesabu miezi mitatu, mistari minne. Alikuwa anaiandika bila kujua ya nini, kwa kuwa kila homa ilimpotezea siku za mauzo na alitaka kujua hasara.

Nikamwomba tuangalie vidole. Na hapa, mareko, ndipo kazi yenu ilipo, sogeeni karibu.

Bakteria hawapiti kwenye ngozi nzima. Wanahitaji mlango. Ukienda kwa mgonjwa wa matende, hata kama mguu ni mkubwa kama mgomba, usishike mguu. Anza na vidole, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake. Tenganisha polepole. Mguu ukivimba, vidole vinabanana, jasho halikauki, na kuvu anapenda hapo. Utaona ngozi nyeupe, laini kama mkate ulioloweshwa, inawasha, wakati mwingine ina harufu, na katikati kuna mpasuko mwembamba kama uliokatwa kwa wembe. Mama Sambaza alikuwa nao pande mbili. Alikuwa anaona kuwashwa, anajikuna kwa kucha ya mkono, anaendelea na kazi. Ule mpasuko mdogo ndio mlango wa homa zote nne. Baada ya vidole angalia kisigino kilichopasuka, mikunjo, kucha zilizokatwa vibaya. Na hapa kwetu ongeza mawe ya volkano. Anayekwenda ziwani kuchota maji kwa ndala nyembamba anarudi na mikwaruzo asiyoisikia, kwa sababu ngozi ya mguu uliovimba inapoteza hisia kidogo.

Kulikuwa na mlango mwingine, huo alifunguliwa na watu. Aliambiwa alikanyaga dawa iliyotegwa njiani, akapelekwa kuchanjwa kwa wembe kuzunguka kifundo cha mguu ili ubaya utoke. Kilichotoka ni maji ya limfu, siku nyingi, na kilichoingia mnakijua. Kisha katika kituo kimoja cha afya, sitakitaja, alipewa vidonge vya kukojoa. Alikojoa mwezi mzima, akaishiwa nguvu, mguu ukabaki pale pale. Vidonge hivyo vinasaidia mtu mwenye moyo mbovu au figo mbovu. Maji yaliyozuiliwa na limfu hayaendi kwenye mkojo.

Haya, beseni.

Nitaomba kijana mmoja avue kiatu, mguu mzima unatosha kwa mafunzo. Asante. Kwanza nanawa mikono yangu, maana sitaki kuwa mimi ndiye mleta bakteria. Maji haya si ya moto wala ya baridi ya ziwa saa kumi na moja alfajiri. Ni maji yaliyokaa ndani ya nyumba. Maji ya moto yanatanua mishipa ya damu, yanavuja zaidi, mguu unajaa. Najua wengi mnaamini maji moto yanayeyusha uvimbe. Hayayeyushi, na ngozi isiyo na hisia inaungua bila mwenyewe kujua.

Maji yatoke wapi? Ya mvua kwenye pipa lililofunikwa ni mazuri. Ya ziwa yawe yametiwa klore pale mnapochotea, au yachemshwe jioni yapoe hadi asubuhi. Nilimpimia Mama Sambaza: mguu mmoja, kwa kopo, lita tatu hadi nne. Bidoni moja ya lita 20 ni siku tano. Nasema hivi kwa sababu watu wa Goma mkisikia "kuosha kila siku" mnafikiria bei ya maji kabla ya kufikiria mguu, na mna haki.

Nalowesha kuanzia gotini. Napaka sabuni mkononi hadi itoe povu, kisha napitisha mkono, kutoka juu kwenda chini, taratibu. Hakuna brashi, hakuna jiwe la kusugulia, hakuna kitambaa kigumu. Mkisugua mnafungua milango mipya. Kwenye mikunjo napitisha kitambaa chembamba, ndani kabisa, na kati ya kila kidole hivi hivi. Msihesabu dakika, tazameni maji. Nasuuza. Maji ya kwanza meusi, ya pili ya kijivu. Narudia sabuni. Mkiona yanayodondoka beseni ni safi kama yaliyotoka kwenye kopo, na hakuna utelezi wa sabuni, basi. Sabuni ikibaki kwenye mkunjo inachoma ngozi.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu anaiharibu: kukausha. Mtu anaosha vizuri, kisha anafuta mara mbili na kuvaa kiatu. Heri asingeosha, maana amemwagilia kuvu bustani. Chukueni kikwembe kilichochakaa, laini, kilichofuliwa na kuanikwa juani, na hiki kiwe cha mguu peke yake. Mnabonyeza, hamfuti. Kati ya vidole mnaingiza ncha ya kitambaa na kuiacha kidogo inyonye. Tenganisheni vidole mwanga uingie. Mama asiyefika chini kwa sababu ya mwili au umri asaidiwe na mtoto, na mtoto anawe mikono kwanza.

Pakiwa na ule weupe wa kuvu, mnapaka pomada ya kuvu, kwa mfano klotrimazoli, nyembamba, asubuhi na jioni. Msiache siku kuwasha kunapoisha, endeleeni wiki mbili zaidi, kwa sababu kuvu anajificha. Penye kidonda mnaosha na kupaka pomada ya kidonda kutoka kituo cha afya. Ngozi kavu ya kisigino inapata vazelini, lakini kati ya vidole vazelini haiingii kamwe. Nimeshaona mtu anajaza humo mafuta ya mawese. Ni kumfunika kuvu blanketi.

Usiku, inueni mguu. Godoro likiwa chini, mawe mawili ya volkano chini ya godoro upande wa miguu yanatosha. Mawe ndiyo mali tuliyopewa bure Goma. Mchana ukikaa, mguu uwe juu ya kigoda. Mwenye ugonjwa wa moyo anayekosa pumzi akilala asifanye hivyo kabla ya kuonana na munganga wa hospitali. Na usiku mguu uwe ndani ya neti pamoja na mwili mzima. Mkiwa mmekaa sokoni, simameni kwa ncha za vidole na kushuka, mara kumi, mkizungusha kifundo cha mguu. Misuli ndiyo pampu, mnakumbuka. Ila siku ya homa hakuna mazoezi.

Siku ya homa mnafanya hivi: mgonjwa analala, mguu juu, kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida juu ya mguu, anakunywa maji mengi, anapewa parasetamoli, na siku hiyo hiyo anaonwa kituo cha afya apewe dawa ya kuua bakteria, na aimalize yote hata homa ikiisha. Akichanganyikiwa, akitapika kila kitu, akisinzia sana, au mguu ukitoa usaha, msingoje kesho. Hospitali. Na katika siku hizo msichanje, msikande kwa maji moto, msifunge bandeji ya kubana.

Turudi nyuma ya mlango. Mama Sambaza alianza kuosha mwanzo wa msimu wa mvua. Mwezi wa kwanza aliweka mstari mmoja, akanikasirikia. Tukatazama vidole pamoja: upande mmoja umepona, upande wa pili bado una weupe, alikuwa anaacha pomada mapema. Miezi miwili iliyofuata hakuna mstari. Kisha mmoja, baada ya kwenda kilio mbali, siku nne bila kuosha, akitembea kwenye matope. Baada ya hapo, miezi saba bila mstari. Madeni ya wateja yalishuka hadi yakafika pale palipokuwa pa homa.

Na mguu? Alikuwa na uzi wa kushonea viatu, tukauzungusha kwenye kifundo cha mguu kila Jumatatu asubuhi kabla hajasimama sana, akafunga fundo penye mwisho. Jicho linadanganya na jioni inadanganya, ndiyo maana tulishika asubuhi na uzi. Mafundo ya kwanza yalikaa pale pale kwa wiki nyingi. Baadaye yakaanza kurudi ndani, kidogo kidogo, mpaka upana wa vidole viwili. Halafu yakasimama. Mguu wake haujawa kama wa kulia, na nilimwambia tangu mwanzo kwamba hautakuwa. Mkunjo ule wa kifundoni umebaki. Aliye mwanzoni, ambaye uvimbe unaisha usiku, anaweza kuurudisha karibu wote. Aliyefika kwenye mikunjo na nundu anasimamisha ugonjwa, anaondoa harufu, anaondoa homa, anavaa kiatu kilichokuwa kimekataa kuingia. Nisiwape ahadi niliyompa yule baba wa mlangoni.

Maswali mafupi, muda umeisha lakini nitajibu yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Mmoja anauliza: kama dawa haipunguzi mguu, kwa nini tunaimeza? Ivermektini na albendazoli zinazogawiwa mara moja kwa mwaka zinaua vile vitoto kwenye damu, ili mbu akiuma asipate cha kubeba. Unameza kwa ajili ya mjukuu wako. Togo walifuata njia hiyo kwa miaka, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba ugonjwa huu si tatizo tena kwao. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Na msinunue ivermektini barabarani. Aliyeishi msituni na amewahi kuona mnyoo ukipita kwenye jicho lake aseme kabla ya kumeza, kwa kuwa akiwa na filaria ya aina hiyo nyingi kwenye damu, dawa inaweza kumdhuru ubongo.

Mwingine anaandika: mama yangu hajawahi kuteremka, amezaliwa Masisi, analima, miguu yake yote miwili imevimba kuanzia vidoleni. Swali zuri sana. Huenda si filaria kabisa. Nchi za juu zenye udongo mwekundu wa volkano zina ugonjwa mwingine, podokoniosi, hauna mbu wala mnyoo. Chembechembe za udongo zinapenya nyayo za anayelima bila viatu kwa miaka, na limfu inaziba. Huo huanza kwenye mguu wa chini na vidole, kwa kawaida miguu yote miwili, na mara chache kupita goti. Wa filaria mara nyingi unaelemea mguu mmoja, unaweza kupanda hadi pajani, na kwa wanaume unakwenda na mabusha. Mpeleke aonwe, lakini usingoje majibu ili uanze kuosha. Beseni ni lile lile, sabuni ni ile ile. Tofauti ni kwamba mama yako akivaa viatu vilivyofunikwa na soksi shambani anakata chanzo chenyewe.

La mwisho, limeandikwa kwa herufi ndogo, nadhani ni la mwanaume: je, busha nalo linaoshwa? Ngozi yake ioshwe na kukaushwa kama mguu. Lakini maji yaliyomo ndani ni kazi ya upasuaji, si ya sabuni wala ya vidonge, na upasuaji wake si mgumu. Usimruhusu mtu kuyanyonya kwa sindano, yatarudi, na sindano chafu itakuachia usaha. Baba yangu uliyeandika, mimi nipo hapa nakusanya vyombo hadi saa nane, na ukumbi utakuwa umebaki mtupu.